Uzi: Mji ulio mita 200 chini ya mkondo wa Pemba. Mgandamizo na giza viamue nyumba, safari na sheria zake

Mwana_Kina

Wakuu, natunga mfululizo wa hadithi kuhusu mji ulio chini ya bahari, na kabla sijaandika sura ya kwanza nataka mji wenyewe usimame. Nimeuweka kwenye mteremko wa mkondo wa Pemba, upande wa Tanga, kwenye kina cha mita 200 hivi. Nimepachagua hapo kwa sababu wavuvi wa Tanga wamewahi kunasa silikanti katika maji hayo, samaki anayeshinda mchana ndani ya mapango ya mteremko, na hifadhi ya bahari ya huko imepewa jina lake. Wakazi wangu ni binadamu wa kawaida wenye mapafu, na nimejiwekea sharti kwamba nisitumie kifaa chochote ambacho msingi wake haujulikani leo.

Uamuzi mkubwa nilioufanya ni kwamba hewa ya ndani ya nyumba iwe na mgandamizo uleule wa maji yaliyo nje. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo kwa kiasi cha ule tunaoishi nao juu ya nchi kavu, kwa hiyo mita 200 ni mara 21. Mkazi wa mji huu anaweza kufungua mlango wa sakafuni na kuingia majini bila maji kupanda ndani. Gharama yake ni kwamba hawezi kupanda juu anapotaka. Nahisi kila kitu kingine, kuanzia umbo la mtaa hadi hukumu za mahakama, kitatokana na hapo, na ninaomba tulifuatilie jambo hilo pamoja.

Fundi Chuma

Nimefanya kazi ya kuunganisha matangi kwa muda mrefu, na naona uzito wa maji umeuchukulia kirahisi. Kwenye mita 200 kila mita ya mraba ya ukuta inabeba tani 200. Umbo linalostahimili ni tufe, na ukuta lazima uwe mnene. Chombo cha Trieste kilichofika chini kabisa ya bahari ya Pasifiki mwaka 1960 kilikuwa na tufe la chuma lenye unene wa karibu sentimita 13, na ndani walienea watu wawili tu. Mji wako ungekuwa mkusanyiko wa matufe ya chuma yenye madirisha madogo.

Msaidizi wa Chemba

Fundi, hesabu yako ni sahihi kwa nyumba ambayo ndani yake kuna hewa ya kawaida kama hii ya juu. Nyumba za Mwana_Kina ni za namna nyingine. Ukuta hauhisi mgandamizo wa nje peke yake. Unahisi tofauti kati ya nje na ndani, na kama pande zote mbili ni mara 21, ukuta hauna kazi kubwa. Mwaka 1963 Jacques Cousteau aliweka nyumba za namna hiyo kwenye miamba ya Shaab Rumi, bahari ya Shamu upande wa Sudan, zikiwa wazi kwa chini, na watu wakaishi humo kwa mwezi mzima. Zilikuwa kwenye kina kidogo sana kuliko hiki, lakini kanuni ni ileile.

Mimi nilikuwa msaidizi wa chemba, yaani chumba kilichofungwa ambamo mgandamizo huongezwa au kupunguzwa taratibu, kwenye meli za wazamiaji wa visima vya mafuta huko Ghuba, kwa hiyo naomba nieleze pale ambapo hatari iko kweli. Mgandamizo wa hewa ndani ya nyumba ni uleule kutoka sakafuni hadi darini, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Maji ya nje hayako hivyo, kwani kadiri unavyopanda ndivyo yanavyopungua nguvu. Sakafuni, penye mlango ulio wazi, nje na ndani vimelingana. Mita 3 juu yake, kwenye dari, hewa ya ndani inasukuma kwenda nje kwa tani 3 kwa kila mita ya mraba. Ukijenga mnara wa mita 20, paa lake linasukumwa kwenda juu kwa tani 20 kwa kila mita ya mraba. Ndiyo maana mji huu hautakuwa na maghorofa, na nyumba zake zote zinataka kupaa. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 3: kinaondoa maji ya tani 61 na ushee, na ni lazima ukifunge chini kwa farumi ya uzito huo au zaidi, tena mawe yapimwe uzito yakiwa majini, kwa sababu jiwe likizama hupungukiwa.

Sasa fikiria tundu. Tundu likitokea sakafuni, hakuna kinachobadilika. Likitokea darini, hewa inatoka kwa kishindo na maji yanapanda kutoka chini hadi chumba kijae. Likitokea katikati ya ukuta, maji hupanda hadi kwenye usawa wa tundu na kusimama hapo, na hewa iliyo juu ya tundu hubaki. Hivyo vitanda viwe juu, karibu na dari, vinyago vya kupumulia vitundikwe huko, na madirisha yawe chini, usawa wa magoti. Mtu wa mji huo akiingia nyumba ya ugeni hutazama kwanza maji ya mlango wa sakafuni. Kila nyumba ingekuwa na mstari uliochorwa kwenye ukingo wa mlango, na maji yakiupita mstari huo, hewa inavuja mahali fulani juu yako hata kama husikii kitu.

Mwana_Kina

Mkuu, hilo la madirisha ya magotini limenibadilishia picha nzima. Nilikuwa nimeandika sebule yenye kuba la kioo juu ya vichwa vya watu.

Msaidizi wa Chemba

Kuba hilo ndilo kitu cha kwanza ambacho sheria ya ujenzi ya mji huo ingelikataza.

Nguva Mweupe

Mimi naona mnajitesa. Kwa nini wakazi wasiwe na mashavu kama ya samaki, wakaondokana kabisa na habari za hewa? Masimulizi ya pwani yamejaa watu wa majini, na wasomaji wangependa kuwaona.

Mwana_Kina

Nguva, naheshimu wazo lako na ningesoma hadithi hiyo ukiiandika. Ila anayepumua maji hana chumba cha hewa cha kulinda, na mimi nataka mji ambao sheria zake zimezaliwa na hofu ya kupoteza chumba hicho.

Msaidizi wa Chemba

Tuje kwenye safari. Mwili uliokaa chini kwa siku chache hujaa gesi kiasi ambacho hauwezi kujaa zaidi, na ukipanda haraka gesi hiyo hugeuka mapovu mwilini. Kuanzia hapo haijalishi umekaa wiki moja au mwaka, muda wa kurudi juu ni uleule. Kadirio tulilotumia kazini ni siku 1 kwa kila mita 30, na siku 1 ya nyongeza. Kutoka mita 200 hadi juu ni kama siku 8. Kwenda chini ni suala la saa. Hapo ndipo penye kiini cha ulimwengu wako: kushuka ni rahisi na kupanda ni ghali.

Angalieni kinachotokea kwenye ramani. Kwa usawa mmoja mtu anaweza kusafiri kilomita nyingi bila kudaiwa hata dakika na mwili wake. Akipanda mita 50 kwa ajili ya kukaa huko, anadaiwa karibu siku 2. Kuna nafasi ndogo ya kupanda na kushuka ambayo wazamiaji huruhusiwa kuitumia wanapotoka kufanya kazi kisha wakarudi kwenye kina chao, lakini ina mpaka. Basi njia za mji hazitapanda mteremko. Zitaufuata kwa ubavu, kila njia katika kina chake.

Na majengo yanasema vivyo hivyo. Ukiunganisha kwa bomba nyumba mbili zilizo wazi kwa chini, moja kwenye mita 200 na nyingine mita 190, hewa ya nyumba ya chini itakimbilia ya juu na nyumba ya chini itajaa maji. Korido inaweza kuunganisha nyumba za kina kimoja tu. Anayetaka kupita kati ya kina na kina lazima aingie chumba cha mpito chenye milango miwili.

Mwana_Kina

Kwa hiyo mtaa ni kina. Mtu akiulizwa anakaa wapi, anajibu kwa mita, na watu wa mita 150 ni mtaa mwingine kabisa hata kama taa zao zinaonekana kutoka dirishani kwako.

Mvuvi_Moa

Naomba nichangie kutoka upande wa maisha ya kweli, ingawa si habari ya mji. Kaka yangu alikuwa akizamia majongoo bahari kwa mitungi. Walikuwa wakizama mara nyingi kwa siku na kuibuka haraka kwa sababu kila mtungi ulikuwa na gharama. Siku moja alipanda kwenye mashua akalalamikia mabega, baadaye akasema miguu imekufa ganzi, na kabla hatujafika pwani hakuweza kusimama. Sehemu tulikompeleka walimtibu kama mtu aliyechoka. Hivi leo anatembea kwa mkongojo. Swali langu ni hili: katika mji huo, mtu akiugua ugonjwa ambao dawa yake iko juu, itakuwaje?

Msaidizi wa Chemba

Pole sana, ndugu yangu. Maumivu ya viungo kisha ganzi ya miguu ni dalili za mapovu ya gesi mwilini, na alichohitaji ni oksijeni njiani, kisha kurudishwa kwenye mgandamizo ndani ya chemba na kushushiwa taratibu. Kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kupona, na ninasikitika kwamba hakuipata.

Kuhusu mji, tuchukue mgonjwa wa kidole tumbo. Hawezi kungoja siku 8. Ukimpandisha haraka utamuua kwa namna nyingine. Njia mbili zinabaki. Ya kwanza ni kumtia kwenye chemba inayobebeka ikiwa na mgandamizo wa mita 200 na kuipandisha kama ilivyo, lakini bado daktari wa juu atalazimika kuingia humo ndani, yaani kushuka kimgandamizo hata kama chemba iko juu ya sitaha. Ya pili ni kumshusha daktari mjini. Atafika baada ya saa kadhaa, atampasua mgonjwa, kisha yeye mwenyewe atakuwa amefungwa kwa siku 8. Kila mtaalamu anayeitwa kutoka juu anatoa zaidi ya wiki moja ya maisha yake. Mji wa namna hiyo ungejitahidi kuwa na madaktari wake.

Wakili_Tanga

Nimesubiri tufike hapa. Kutokana na maelezo ya mkuu, naona sheria ya mji huu inaanza na mambo mawili, mlango na kupandishwa.

Mlango kwanza. Mwezi Novemba mwaka 1983, kwenye chombo cha Byford Dolphin katika bahari ya Kaskazini, kiungo kilichoshikilia kengele ya wazamiaji, yaani chombo cha kuwashusha na kuwapandisha, kilifunguliwa kabla mlango wa chemba haujafungwa. Mgandamizo ulishuka kutoka mara 9 hadi 1 kwa kufumba na kufumbua. Wazamiaji wanne waliokuwa ndani walikufa papo hapo pamoja na msaidizi mmoja aliyekuwa nje. Funzo la kisheria ni kwamba mkono wa mtu mmoja haupaswi kuweza kufungua mlango unaotenganisha migandamizo miwili. Katika mji huu ningeandika kwamba mlango wa mpito hufunguliwa na watu wawili, mmoja kila upande, na kifungo chenyewe kiwe kimeundwa kisikubali kuachia ikiwa tofauti ya mgandamizo ipo. Anayeharibu kifungo hicho ashtakiwe kwa kosa la kujaribu kuua, hata kama hakuna aliyekufa.

La pili ni kupandishwa. Huku juu adhabu ya kumfukuza mtu nchini ni jambo la saa chache. Kule chini, kumfukuza mtu ni kumweka chemba kwa siku 8 chini ya uangalizi, na anayeshika valvu ameshika uhai wake. Kwa hiyo hukumu ya kufukuzwa isitekelezwe na upande ulioshinda kesi. Valvu ishikwe na mtu anayekubaliwa na pande zote mbili. Na hizo siku 8 zenyewe ziwe muda wa rufaa, kwa kuwa kumrudisha chini katikati ya safari ni rahisi kuliko kumalizia kumpandisha.

Fundi Chuma

Nakubali habari ya kuta, mkuu amenielewesha. Lakini wakili, nani atakayekuwa hakimu wa kesi kati ya mtaa wa mita 150 na mtaa wa mita 200? Hakimu wa juu akishuka atakwama siku 2 kabla ya kurudi kwake. Wa chini akipanda, anatumia siku hizohizo mwanzoni. Haki yenyewe itakuwa inaelemea upande mmoja.

Wakili_Tanga

Ndiyo, na sioni dawa kamili. Shauri linaweza kusikilizwa kwa kioo kati ya vyumba viwili, kila upande katika mgandamizo wake. Hata hivyo, mashahidi watakuwa wakisema kwa sauti iliyobadilishwa na heliamu, na mkuu atatuambia kama inaeleweka.

Msaidizi wa Chemba

Kwa shida. Naitrojeni huwalevya watu kuanzia mita 30 hivi, ndiyo sababu kwenye kina hiki tunatumia heliamu, na heliamu huifanya sauti kuwa nyembamba na ya haraka. Waliokaa pamoja wanazoeana. Mgeni hushindwa, na kwenye meli tulitumia mashine ya kuinyoosha sauti. Ningeshauri ushahidi wa mji huo uwe wa maandishi.

Mpishi Kisosora

Watapikaje? Nimeona hakuna aliyegusa moto.

Msaidizi wa Chemba

Hakuna moto. Mwili unataka oksijeni ya kiasi fulani, na katika mgandamizo wa mara 21 kiasi hicho ni kama asilimia 2 tu ya mchanganyiko. Mtu anapumua vizuri kabisa, lakini kiberiti hakishiki. Hatari ya moto huwa kwenye vyumba vya kina kidogo, na hasa pale mtu anapofungulia oksijeni kupita kiasi.

Watapika kwa umeme, na hapo kuna jambo ambalo mgeni hatalitarajia. Kwenye mgandamizo huo maji huchemka yakifika nyuzi 215 hivi. Sufuria ya mchele ikiwa nyuzi 150 inatulia kimya, haitoi povu wala haitikisi kifuniko, na mtu aliyezoea kuangalia mapovu atatia mkono. Kila sufuria itakuwa na kipimajoto, na watoto watafundishwa kusoma kipimajoto kabla ya kufundishwa kuosha vyombo.

Mpishi Kisosora

Basi wali wao unaiva mapema sana, kama ule wa sufuria ya presha. Na nazi ikipita moto wa kawaida itakatika. Nafikiri kukaanga kungewapa shida, kwa sababu chakula hushika ukoko pale maji yake yanapochemka na kutoka.

Nguva Mweupe

Nimekubali kuacha mashavu, ila nina pingamizi la giza. Mita 200 si giza kamili. Mwaka 1934 William Beebe alishuka mita 923 karibu na Bermuda ndani ya tufe la chuma, na aliendelea kuona mabaki ya buluu mbali chini ya mita 200. Mchana wa jua kali, wakazi wako watakuwa na mwanga hafifu dirishani.

Mwana_Kina

Uko sahihi, na hili linaniumiza kichwa kweli. Ninataka giza kamili, na giza kamili liko karibu na mita 1,000. Lakini Msaidizi, mwanadamu anafika wapi kwa mgandamizo huu?

Msaidizi wa Chemba

Baharini, wazamiaji wa kampuni ya Kifaransa ya COMEX walifanya kazi kwenye mita 534 mwaka 1988. Ndani ya chemba ya nchi kavu, mtu mmoja alifikishwa kwenye mgandamizo wa mita 701 mwaka 1992. Katika kina hicho neva huanza kutetemeka na gesi inakuwa nzito kupumua. Kuishi huko na kulea watoto sikubali. Mimi ningebaki mita 200 na kuutumia huo mwanga hafifu, maana usiku utakuwa giza tupu, na wakati wa mvua za masika mito ikileta matope, mchana utafanana na usiku.

Giza lina sheria zake pia. Mwanga mwekundu hufa majini baada ya mita chache, na wa buluu hufika mbali. Taa za milangoni na za mikononi ziwe nyekundu, kwa sababu hazimfikii jirani wala haziharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza, ambayo yakipofushwa na mwanga mkali huchukua kama nusu saa kurudi. Buluu iachiwe bandari na uokoaji tu. Anayewasha buluu bila dharura ni kama mtu anayepiga kelele za moto sokoni.

Ila njia kuu ya gizani ni kamba. Wazamiaji wa mapangoni hufunga kwenye kamba zao vipande vya plastiki vyenye umbo la mshale, vinavyoelekeza mlango wa kutokea, na mtu huvisoma kwa vidole matope yakijaa. Kila mtaa uwe na kamba yake, na mshale wake uelekeze kwenye hewa iliyo karibu zaidi.

Wakili_Tanga

Basi kukata kamba, au kugeuza mshale mmoja, ni kosa lililo sawa na lile la mlango. Na anayejenga nyumba mpya katikati ya mishale miwili anawajibika kubadilisha yote iliyo kati yake na nyumba jirani kabla ya kufungua mlango wake.

Mvuvi_Moa

Na kamba ikikatwa na nyavu za wavuvi wa juu? Sisi tunaotega nyavu za kina hatuoni kilichoko huko.

Wakili_Tanga

Hapo unagusa swali ambalo sijalipatia jibu. Mvuvi wa juu hawezi kuitwa mahakamani bila kushushwa, na akishushwa amekwisha kuadhibiwa siku 8 kabla ya hukumu. Labda mji ulazimike kulaza kamba zake chini ya miamba, na mvuvi alipishwe kwa nyavu zitakazonaswa. Mwana_Kina, hapo ndipo ningeanzia sura ya kwanza.

Mwana_Kina

Nitaanzia hapo. Mtaa wa mita 150 wanasema mishale imegeuzwa, mtaa wa mita 200 wanasema ni nyavu, na nimeshachora ramani yenye njia za ubavu tu. Nitaipakia kesho jioni ili Msaidizi aniambie kama vyumba vya mpito vinatosha, maana nimeweka viwili kwa mji mzima na sasa naona ni vichache.